Dakika Kumi na Tisa za Mama Mlango

Kazi yangu ni trei. Nimeifanya miaka kumi na moja, na kama kuna anayedhani ni kazi ya kipumbavu, namkaribisha asimame pale asubuhi moja tu. Nazipanga, nazisukuma, nazirudisha, na kila baada ya dakika namwambia mtu mzima aliyevaa suti avue mkanda, naye ananitolea macho utadhani nimemwambia avue suruali. Kompyuta itoke kwenye begi. Koti livuliwe. Maji yanywewe au yatupwe. Mke wangu anasema siku hizi nayasema hayo hata usingizini.

Lakini sikukaa hapa kujieleza mimi. Nataka kumweleza mwanamke tuliyemwita Mama Mlango, kwa sababu siku moja nilimfanyia wema, na wema huo mpaka leo umenikaa kooni.

Ukiingia kwenye ukumbi wetu wa ukaguzi, upande wa kulia unakuta foleni ya kawaida, ile inayozungushwa na kamba za bluu kushoto na kulia mpaka mtu anasahau alianzia wapi. Upande wa kushoto kuna njia moja nyembamba, imenyooka, ina zulia. Hiyo ndiyo Njia ya Haraka. Mwanzoni mwake kuna kijigeti cha kioo chenye mashine ya kusoma msimbo. Ukiweka pasi yako, taa ya kijani inawaka na kioo kinafunguka. Ikiwaka nyekundu, hufunguliwi. Pembeni ya kioo hicho ndipo aliposimama Mama Mlango kwa miaka tisa, mfupi, mnene kiasi, viatu vyake vyeusi vya mpira amevipiga rangi mpaka vinang'aa. Hakuwa na makuu. Aliishi peke yake katika vyumba viwili juu ya duka la rangi za nyumba, na mara moja nilipokwenda kumrekebishia bomba nilikuta kila kitu kimepangwa kwenye mstari, mpaka vikombe. Nikamtania kwamba hata vikombe vyake viko foleni. Akacheka, akasema vya kwake angalau havilalamiki.

Watu walimuuliza maswali yale yale kutwa nzima, naye aliyajibu kama mtu anayepiga mswaki. Njia ya Haraka naipataje? Unaipata bure kama tiketi yako ni ya daraja la juu. Angalia pasi yako ya kupandia, utaona alama yake imechapwa. Unaipata kama unasafiri mno na shirika lako limekupa kadi ya ngazi za juu, si ile kadi wanayopewa wote. Kuna benki zinazowapa wateja wao wenye kadi fulani, ila hakikisha kabla hujaja, usije ukagombana na mimi. Wengine wanaipata ndani ya bei ya tiketi bila hata kujua kwamba wameilipia. Waliobaki wananunua kwenye tovuti ya uwanja: unachagua siku, unachagua saa, unatumiwa msimbo. Nafasi za kila saa zina kikomo. Zikibaki, ile mashine pale ukutani inauza, ila ya ukutani ni ghali kuliko ya mtandaoni. Kila mtu na yake, mtoto aliyepita miaka miwili naye na yake. Ukikosea siku, hela hairudi.

Mwisho wa maelezo hayo alikuwa anasema, kila mara, "Angalia tarehe, usiangalie saa peke yake." Maana tovuti yetu ina ujanja mmoja mbaya: saa unayoitaka ikiwa imejaa leo, inakurukisha kimyakimya kwenye siku ya karibu yenye nafasi, na tarehe yenyewe imeandikwa kwa herufi ndogo za kijivu. Kila wiki tulipata watu wawili watatu waliolipia kesho.

Na inafaa kulipia? Hapo ndipo alipokosana na wakubwa. Wao walitaka ajibu kwamba inafaa. Yeye aliinua macho kwenye ule ubao unaoonyesha dakika za kusubiri, akajibu kilichopo. Kuanzia saa kumi na moja unusu alfajiri mpaka saa mbili na nusu, na siku za kuelekea sikukuu, lipia kama unacho. Mchana wa katikati ya wiki foleni ya kawaida ni dakika nane, utakuwa umenunua zulia. Kama una mzigo mkubwa wa kukabidhi, njia hii haikusaidii kitu kule kaunta. Kwenye dirisha la pasipoti haikusaidii pia. Ukaguzi wenyewe ni ule ule. Mkanda utavua, begi litafunguliwa likitiliwa shaka. Na kama umewahi mapema, unachonunua ni muda wa kukaa getini kwenye kiti kigumu. Wateja walimpenda. Msimamizi alimwita ofisini mara mbili akamwambia anaharibu biashara, naye akasema sawa, akarudi pale akaendelea vile vile.

Kitu kimoja tu kilimfanya awe mgumu. Hakuna siku iliyopita bila mtu kufika pale pumzi juu, hana msimbo, akasema mama yake anakufa. Wengine walikuwa wakweli, najua. Lakini mwaka wake wa kwanza alimpitisha kijana mmoja aliyelia machozi ya kweli kabisa, na dakika ishirini baadaye, akienda chooni, akamkuta kwenye duka la manukato anajipiga picha na chupa mkononi, meno yote nje. Tangu siku hiyo alitunga sentensi yake. Aliisema kwa upole na bila kupepesa: "Pole sana, Mungu amsaidie. Foleni ya kawaida iko kulia kwako." Halafu anaongeza kwamba ndege ikikaribia kufunga mlango watu wa shirika hupita kwenye foleni wakiita safari yao, ukisikia yako inua mkono, watakuvusha bure. Hilo lilikuwa kweli, na watu wachache wanalijua.

Uwanja ulipoongeza zamu, akaletewa mtu mpya ili yeye amfundishe kazi. Mzee wa miaka hamsini na kitu, mwalimu mstaafu wa hesabu, tukamwita Mwalimu maana angekasirika tukimwita vingine. Alikuja na daftari. Kila alichoambiwa aliandika, akapiga mstari chini kwa rula. Mama Mlango alimfundisha ile sentensi kwa siku mbili nzima.

"Nikikwambia mama yangu anakufa, unasema nini?"

"Pole sana, Mungu amsaidie. Foleni ya kawaida iko kulia kwako."

"Umeangalia chini. Usiangalie chini. Ukiangalia chini anajua unaweza kulegea. Rudia."

Mwalimu akarudia. Sisi wa trei tulikuwa tunakufa kwa kicheko.

Jumanne moja, chumba cha chai, simu ya Mama Mlango ililia. Alikuwa dada yake mkubwa, aliyebaki nyumbani kwao na mama yao. Kutoka kwetu kwenda kwao ni saa mbili za ndege na mwendo wa gari juu yake. Mama Mlango alikuwa hajaenda miaka minne. Si kwamba hakupenda. Kila likizo ilipokaribia kulikuwa na zamu, au mwenzake mgonjwa, au paa linavuja. Mama yake alikuwa na utani wake kuhusu hilo, kwamba binti yake anaishi uwanja wa ndege lakini ndege hazioni. Kwenye simu hakukaa. Dakika mbili, halafu, "Haya mwanangu, uko kazini, nisikusumbue." Hata siku za mapumziko alisema hivyo hivyo.

Siku ile Mama Mlango alisikiliza, akasema "sawa" mara tatu, akakata. Akamalizia chai yake. Nikamuuliza kuna nini.

"Mama. Ule uvimbe wa miguu umepanda mpaka mapafuni. Daktari kasema wanaotaka kumwona waje."

"Sasa?"

"Nimesikia," akasema, akaenda kukiosha kikombe.

Nilitegemea alie. Hakulia. Alirudi pale mlangoni akamaliza zamu yake, akaomba ruhusa, akakata tiketi ya asubuhi iliyofuata, ile ya bei ya chini isiyo na kitu ndani yake, ya begi moja la mkononi. Nilimtazama jioni ile akitoka. Alikuwa anatembea kama mtu anayebeba beseni la maji.

Kuna jambo watu wa nje hawalijui. Sisi wafanyakazi tunao mlango wetu wa nyuma, lakini ukiwa na tiketi ya kusafiri huruhusiwi kuugusa. Siku unasafiri wewe ni abiria, unapita wanakopita abiria, na ukikamatwa umepita kwa nyuma umemwaga unga. Hivyo asubuhi ile alikuja kama mtu yeyote, gauni la kijani, begi jeusi dogo, saa moja kamili. Ndege yake ilikuwa saa mbili na dakika arobaini. Geti linafungwa dakika ishirini kabla. Muda alikuwa nao tele, na hakuna mtu duniani aliyelijua hilo kuliko yeye.

Foleni ya kawaida ubao ulisema dakika thelathini na tano. Nikamwona anaelekea kushoto, kwenye zulia.

Nilishangaa. Mwanamke aliyewaambia watu elfu wasitupe hela, amelipia? Baadaye alinieleza kwa sentensi moja, kwamba hakutaka kusimama na watu. Aliinunua kwa simu akiwa kitandani, hakumbuki hata alibonyeza nini.

Mwalimu ndiye alikuwa zamu. Alimsalimia vizuri. Mama Mlango akaweka simu yake kwenye kisomeo na taa ikawaka nyekundu.

"Weka tena, Mama," Mwalimu akasema.

Akaweka tena. Nyekundu. Mwalimu akainama akasoma kioo cha simu, akavuta miwani.

"Ni ya kesho hii, Mama."

Mimi nilikuwa mashine namba moja, hatua kumi kutoka pale, na nilisikia kila kitu kwa sababu wakati huo hakukuwa na mtu mwingine kwenye zulia. Mama Mlango aliiangalia ile tarehe ya kijivu. Akageuka akaiangalia mashine ya ukutani. Kioo chake kilikuwa kimeandika nafasi zimekwisha mpaka saa tatu. Halafu akasema, taratibu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake lakini kwa wengine nimeisikia mara nyingi, "Mwalimu, mama yangu yuko mahututi."

Naapa yule mzee alinyooka. Alitazama mbele, hakutazama chini.

"Pole sana, Mungu amsaidie," akasema. "Foleni ya kawaida iko kulia kwako."

Nilitamani kumtia trei ya kichwa. Mama Mlango alimwangalia kidogo, akatikisa kichwa polepole.

"Umesema vizuri," akamwambia, na akaenda kulia, akaingia nyuma ya foleni.

Sasa mimi. Nina hasira za karibu, kila mtu ananijua, na asubuhi ile zilinipanda mpaka masikioni. Niliziona zile kamba za bluu, nikamwona anasogea hatua moja, anasimama, anasogea nyingine, simu mkononi, uso hauna kitu. Mbele yake familia yenye watoto wanne na vigari vyao. Nikaona hii haiwezekani. Miaka tisa mtu ameshika mlango, leo mlango umemgeukia.

Mashine namba moja, ya Njia ya Haraka, ilikuwa imetulia, walionunua nafasi za saa ile walikuwa hawajafika bado. Ikitulia hivyo tunaruhusiwa kuvuta watu kutoka foleni ya kawaida ili mkanda wa mashine usizunguke bure. Nikamuuliza kiongozi wa zamu kama nivute. Akasema vuta sita, kutoka mbele. Alisema kutoka mbele, nilimsikia vizuri. Nikawavuta watano kutoka mbele. Wa sita nikamfuata katikati kabisa, nikainua kamba.

"Dada, njoo huku."

"Niache, kaka," akasema. "Muda upo."

"Njoo bwana."

"Nasubiri simu ya dada. Daktari yuko naye chumbani saa hizi, alisema akitoka tu ananipigia."

"Utaipokea ng'ambo, umekaa kwenye kiti. Njoo."

Watu nyuma yake walianza kunung'unika, nikawatolea sauti kwamba ni abiria wa safari inayofunga. Uongo. Naye hakuwa na nguvu ya kubishana na mimi na watu wote wale kwa wakati mmoja. Alipita chini ya kamba. Ilikuwa saa moja na dakika kumi na sita. Najua kwa sababu niliiangalia saa kwa fahari.

Nikampangia trei mwenyewe. Koti hapa, viatu hapana, mkanda huna. "Simu ndani ya begi, dada, mfuko wa mbele," nikamwambia, kama ninavyowaambia wote. Akaiweka. Nikalisukuma begi likaingia kwenye mashine. Yeye akapita kwenye fremu, haikulia.

Begi halikutoka upande wake. Mkanda ulilipeleka kwenye reli ya pili, ile ya mabegi yanayotiliwa shaka. Ndani kulikuwa na kopo la mafuta ya kuchulia, robo lita wakati mwisho ni mililita mia, amemnunulia mama yake kwa ajili ya miguu. Yeye, Mama Mlango, ambaye angeweza kuikariri sheria ya vimiminika kinyumenyume. Mbele ya begi lake kwenye reli ile kulikuwa na mabegi matatu, na mtu wa kuyafungua alikuwa mmoja, mwenzetu wa glavu, mwanamke makini anayekunja kila nguo upya kama ya kwake.

Ndipo begi likaanza kulia.

Ukishavutiwa begi lako kwenye reli ile huruhusiwi kuligusa mpaka limalizwe. Hakuna anayeruhusiwa, hata mimi. Kati ya abiria na reli kuna kioo kinachofika kifuani. Mama Mlango alisimama nyuma ya kioo hicho, mikono ameikunja, analiangalia begi lake. Lililia mpaka likanyamaza.

Nikaacha trei zangu. "Mpe simu yake," nikamwambia wa glavu. "Ana mgonjwa."

"Kuna mengine matatu hapa. Na begi limeshavutwa, unajua utaratibu."

"Nakwambia ana mgonjwa!"

"Kaka," Mama Mlango akasema bila kunigeukia, "muache afanye kazi yake."

Likalia tena. Mlio wenyewe wa kawaida tu, ule unaokuja na simu. Abiria mmoja aliyekuwa anafunga kamba za viatu akasema, dada, simu yako hiyo, na yeye akajibu ndiyo. Likanyamaza. Wa glavu alikuwa anakunja shati la mtu. Likalia mara ya tatu, refu kuliko zote, na mimi nikawa nahesabu milio kama mjinga. Saa moja na dakika ishirini na nne. Likanyamaza, halikulia tena.

Begi lilifunguliwa dakika nne baadaye. Kopo likatolewa, likawekwa kwenye pipa. Mama Mlango akasaini, akachukua simu, akasogea mpaka kwenye benchi la kuvalia viatu na kupiga. Nilimfuata. Sijui nilimfuata kufanya nini.

"Dada," akasema. "Nilikuwa kwenye ukaguzi. Ndiyo. ... Sawa. ... Alisema nini? ... Sawa. Sawa, dada. Nakuja. Ndege bado ipo."

Akakata. Akaiweka simu mapajani, kioo chake juu.

"Alikuwa amefumbua macho," akaniambia, kama anayenisimulia habari za jirani. "Aliniulizia, nimefika wapi. Dada akanipigia, akamwekea simu sikioni. Mara tatu. Alikuwa anasikiliza inavyolia."

Nikaketi kwenye ncha ya benchi.

"Akasema, yuko kazini huyo, msimsumbue. Akafumba. Sasa haamki."

Kisha akainuka, akavaa koti, akafunga zipu ya begi lililokuwa limepungua kopo moja, na akaenda geti namba nne kusubiri ndege. Alisubiri dakika hamsini kwenye kile kiti kigumu alichokuwa anawasimulia abiria. Nilipita kule mara mbili kwa visingizio. Mara zote mbili alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili na anatazama nje kwenye lami, ambako wanaume wawili walikuwa wanapakia mizigo. Mama yake alikufa kabla abiria hawajaitwa kupanda. Alipanda akiwa anajua.

Siku ile jioni nilikaa na karatasi. Sina elimu ya Mwalimu lakini kujumlisha najua. Mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, mwanamume mwenye kofia ya majani, alifika kwenye trei saa moja na dakika thelathini na tano. Namkumbuka kwa sababu aligoma kuivua. Nilimwokolea Mama Mlango dakika kumi na tisa. Simu zote tatu zilipigwa ndani ya dakika hizo. Kama ningemwacha kwenye foleni na kamba zake, zingemkuta amesimama nyuma ya watoto wanne, simu mkononi.

Alirudi kazini baada ya siku tisa. Viatu vile vile, vinang'aa. Tulichanga, tukampa bahasha, akashukuru. Mwalimu alimpa mkono akashindwa kuuachia, machozi yakamtoka mzee wa watu, na yeye ndiye akawa anambembeleza: "Hukukosea kitu, Mwalimu. Hukuangalia chini." Mimi nilijificha nyuma ya trei zangu. Wiki mbili nilikunywa chai saa ambayo hanywi.

Hatimaye akanikuta. Nilikuwa naosha kikombe, akafunga mlango, akasimama pembeni yangu na chake.

"Unanikimbia."

"Nakukimbia, ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nisamehe," nikamwambia. "Ulinikataza. Ulisema muda upo. Ningekuacha pale ungeongea naye."

Alifungua maji, akaosha kikombe chake ndani na nje, akakifuta. Nilitaka anitukane. Ningelipa mshahara wa mwezi anitukane.

"Nilipiga hesabu hiyo kwenye ndege," akasema. "Nikaipiga tena matangani. Inatoka vile vile."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Ulitaka niwahi." Akakipachika kikombe kwenye msumari wake. "Lakini sisikii kitu, kaka. Watu wamelia pale nyumbani, mimi nimepika. Nangojea nisikie kitu, sisikii. Kila asubuhi naangalia kile kitaa kikiwaka kijani, nyekundu, kijani, na sisikii kitu."

Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho tunaliongelea. Tulirudi ukumbini pamoja. Hana kinyongo na mimi, ananitania kama zamani, na Ijumaa ananiletea karanga. Ile sentensi yake ameiacha. Akija mtu akisema mama yake anakufa, bado hampitishi, hana ruhusa na kamera zinamwona. Lakini hasemi tena Mungu amsaidie. Anamuuliza tu ndege ni saa ngapi.

Juzi, siku niliyopangwa mashine ya foleni ya kawaida, alikuja msichana, begi mgongoni, macho mekundu, simu mkononi. Alikuwa anatazama zulia, anatazama kamba za bluu, anatazama bei kwenye mashine ya ukutani.

"Shikamoo. Mama, samahani, hii inafaa kulipia? Nakwenda hospitali kwa baba, naogopa kuchelewa."

Mama Mlango akainua macho kwenye ubao.

"Marahaba. Foleni ya kawaida dakika ishirini na mbili. Ndege yako?"

"Saa nne kasoro robo."

"Hutachelewa. Usilipie." Msichana akashukuru, akageuka, na Mama Mlango akamshika mkono wa gauni, jambo ambalo hatuna ruhusa kulifanya kwa abiria. "Kuna mtu yuko na baba?"

"Kaka yangu."

"Mpigie kaka sasa hivi, ukiwa bado foleni. Mwambie amwekee baba simu sikioni. Mpigie na uongee naye mpaka ufike kwenye trei, hata kama hana la kusema. Yule mtu wa trei pale, unamwona? Mwambie nimesema simu yako iingie mwisho."

Msichana akaingia kwenye kamba, simu sikioni. Ilimchukua dakika ishirini na tano kufika kwangu, na muda wote alikuwa anaongea. Alipofika nilipanga trei yake polepole: koti, kompyuta, mkanda, viatu. Nyuma watu wakaanza kunung'unika, nikawaambia wasubiri. Upande wa pili wa kioo Mama Mlango alikuwa ameacha watu wawili na misimbo yao mkononi, ametugeukia, kiganja mdomoni, na mabega yanamtikisika. Mwalimu ndiye aliyekuja kumshikia mlango.